Mwajiriwa mpya yuko Mwanza, ofisi iko Dar, hatutaonana naye mwezi mzima. Tunampokeaje?

MamaStoo

Wakuu, habari za Jumapili.

Tuna kampuni ndogo hapa Sinza, watu sita. Tunauza na kuhudumia programu ya mauzo na stoo kwa maduka ya dawa na ya vipuri. Wateja wengi siku hizi wanatoka Kanda ya Ziwa, ndiyo maana tumemwajiri mama mmoja anayekaa Mwanza awe anapokea simu zao. Ameuza duka la dawa miaka mingi na programu yetu anaijua kama mtumiaji. Usaili ulikuwa kwa simu ya picha. Anaanza tarehe 1.

Mwezi wa kwanza wote hatutaonana. Nauli na malazi ya kumleta Dar viko kwenye bajeti ya mwezi unaofuata, na meneja wangu atakuwa Mbeya anamfungia mteja programu.

Aliyemtangulia alikuwa kijana wa Arusha, aliondoka wiki ya tatu. Aliaga kwa ujumbe mfupi wenye adabu zote, sababu "binafsi". Hapa ofisini kila mtu ana nadharia yake kuhusu kilichomwondoa. Naomba mlioshapokea mtu kwa namna hii mniambie mlifanya nini hasa. "Mawasiliano ni muhimu" nimeshaisikia.

---

Dogo_Kirumba

Dada, hizo kazi za kukaa nyumbani mnazipataje? Mimi nipo Mwanza hapahapa, nina diploma ya kompyuta. Nitumie CV wapi?

---

MamaStoo

Mdogo wangu, nafasi imeshajaa. Uzi huu ni wa kumpokea aliyekwishaajiriwa.

---

Mzee_wa_Kazi

Mimi nina watu wa hivyo wanne, mikoani. Dawa ni moja: kamera iwashwe saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, na kompyuta iwekewe programu inayopiga picha ya skrini kila dakika kumi. Usipomwona mtu, hafanyi kazi. Huyo kijana wako wa Arusha alikuwa na kazi mbili, andika chini uniambie baadaye. Na kila siku jioni ripoti.

---

Nahodha_Mtulivu

Mzee, hiyo ripoti ya jioni nakubaliana nawe, nitairudia. Hayo mengine tuyaache kidogo.

MamaStoo, nimepokea watu wa namna hii kwa miaka kadhaa, kazi ya huduma kwa wateja kama yako. Nianze na kabla ya tarehe 1, kwa sababu siku ya kwanza mara nyingi huharibikia hapo.

Kaa na karatasi, orodhesha kila mlango ambao huyo mama ataufungua siku ya kwanza: barua pepe, mfumo wa kumbukumbu za matatizo ya wateja, programu yenyewe upande wa msimamizi, faili za pamoja, namba ya WhatsApp ya ofisi. Kisha jiulize kila mlango namba ya uthibitisho inakwenda kwenye simu ya nani. Kwenye kampuni ndogo jibu huwa ni moja: simu ya mkurugenzi. Sasa picha ni hii. Mtu yuko Mwanza, saa mbili na nusu asubuhi, ameweka nywila, mfumo unadai namba iliyotumwa kwa SMS, na namba hiyo inaisha muda baada ya dakika chache. Mkurugenzi yuko kwenye foleni Ubungo. Anapoisoma ile SMS imeshakufa. Wakirudia mara tatu akaunti inafungwa. Angekuwa ofisini angecheka na wenzake, wakaenda kunywa chai. Akiwa kwake anakaa anaitazama skrini, na ndiyo siku yake ya kwanza.

Kwa hiyo mfungulie akaunti yake mwenyewe kila mahali, uthibitisho uende kwenye simu yake. Halafu siku mbili kabla, pigeni simu, aingie kila mlango kutoka kwenye kompyuta yake akiwa kwake. Wewe kujaribu ukiwa Sinza hakuthibitishi kitu.

Namba ya WhatsApp ya ofisi ina kisa chake. Unaunganisha kompyuta yake kama kifaa cha ziada, vinaruhusiwa vinne mbali na simu yenyewe. Watu huhangaika kuipiga picha ile QR kupitia simu ya video, nayo inabadilika kila baada ya muda mfupi. Tumia njia ya pili: yeye achague kuunganisha kwa namba ya simu, atapata herufi nane, akusomee, uziandike kwenye simu ya ofisi. Na hiyo simu ya ofisi isiachwe imezimwa kwenye droo. Ikikaa siku 14 bila kufunguliwa, vifaa vyote vilivyounganishwa hutolewa.

---

MamaStoo

Nahodha, nimeshtuka. Kila kitu kinakuja kwenye simu yangu. Na ile simu ya ofisi iko kwenye droo kweli.

---

Akinyi_wa_Ziwa

Hamjambo. Mimi niko Kisumu, na niliajiriwa na kampuni ya Nairobi kwa njia hiyo hiyo, kwa hivyo nitaongea kama yule anayepokelewa.

Kilichonimaliza si kazi, ni kutojua nani yuko bize. Ofisini ukiwa na swali unainua macho, unaona huyu anaongea na mteja, yule anakula mandazi, unamwendea wa mandazi. Ukiwa mbali huoni chochote. Kila swali linakuwa kubisha mlango wa mtu usiyejua analala ama anaoga. Basi unaanza kujiwekea maswali. Unasema nitauliza mawili pamoja, kisha matatu, mwishowe unaona aibu kwa nini hukuuliza Jumatatu.

Halafu kuna hii yetu ya salamu. Nilikuwa naandika "Habari ya asubuhi boss". Halafu nangoja. Saa nne boss anajibu "Poa, uko aje". Mimi "Niko salama, sijui wewe". Saa sita "Salama". Saa nane ndipo nauliza swali lenyewe, na mteja amengoja tangu asubuhi. Kuanza na swali kavukavu niliona ni utovu wa adabu, hasa kwa mtu sijawahi kukutana naye.

---

Mzee_wa_Kazi

Na ni utovu wa adabu kweli. Mtu huwezi kunivamia na "mfumo umegoma" hata hujaniamkia.

---

Akinyi_wa_Ziwa

Ndiyo maana mgeni anangoja, mzee.

---

Nahodha_Mtulivu

Dada Akinyi amegusa mahali ninapopaona pagumu kuliko pote. Sisi tuliliweka wazi siku ya kwanza, tena likasemwa na mkubwa wa ofisi mwenyewe: salamu na swali viwe kwenye ujumbe mmoja. Hatukufuta salamu. Tulimwonyesha mfano, kwa sababu ukimwambia tu "uliza chochote" hataki kuwa wa kwanza kujaribu. Mfano wenyewe ulikuwa hivi:

"Shikamoo kaka. Mteja wa Geita, duka la dawa, stoo yake ya Panadol inasoma hasi 15. Nimeangalia mauzo ya jana, yako sawa. Sijui niangalie wapi tena. Anasubiri kwenye simu."

Humo mna salamu, nani, nini, alichokwisha kukijaribu, na haraka yake. Anayejibu anaweza kujibu akiwa amesimama kwenye daladala.

La pili ni mahali pa kuuliza. Swali liende kwenye kundi, lisiende pembeni kwa mtu mmoja. Mgeni atapenda pembeni kwa sababu ya aibu. Akikuuliza pembeni, usimkaripie wala usimwambie "peleka kwenye kundi". Lipeleke mwenyewe: "Mwenzetu ameuliza jambo zuri, jibu ni hili." Ukifanya hivyo mara chache ataanza kuliweka huko mwenyewe. Na wenyeji nao waulizane humo humo. Kundi ambalo anayeuliza ni mgeni peke yake ni kama kumsimamisha mtihani mbele ya darasa.

Na hapa ndipo pa kumpima. Watu huogopa mgeni anayeuliza sana. Mimi huogopa yule ambaye wiki ya pili imefika, kila siku anasema "niko sawa, hakuna shida", na maswali yamekauka. Kazi ya kupokea simu za wateja haiwezi kukosa maswali wiki ya pili. Ama hapokei simu ngumu, ama anajibu kwa kubahatisha.

---

MamaStoo

Kijana wa Arusha alikuwa hivyo hivyo. "Niko sawa dada." Kila siku.

Sasa wiki yenyewe inapangwaje? Hapa ofisini mgeni huwa anakaa pembeni ya Juma (jina la kubuni) anamsikiliza akiongea na wateja, mpaka siku moja Juma akiwa chooni simu inalia, mgeni anapokea. Ndiyo mafunzo yetu yote. Ya mbali sijui yanafanywaje.

---

Nahodha_Mtulivu

Fanya hayohayo, ila uyafanye kwa makusudi. Kusikiliza pembeni ndiko kunakofundisha, na ndicho kitu cha kwanza kupotea mtu anapokuwa mbali.

Wiki ya kwanza asipokee simu ya mteja hata moja. Asubuhi, kwa saa mbili zenye simu nyingi, Juma anaweka simu ya kundi, huyo mama anasikiliza amezima maikrofoni. Mteja aambiwe kuna mwenzetu anasikiliza. Simu ikikatika, dakika mbili tatu Juma anaeleza kwa nini aliuliza vile alivyouliza. Usiziruke hizo dakika. Anachohitaji kujifunza ni kwa nini Juma hakuangalia kule, alikwenda huku.

Nichukue ile Geita. Mteja analalamika stoo ya Panadol inasoma hasi 15, na rafu imejaa. Mgeni atakimbilia mauzo, kwa sababu neno "hasi" linamwonyesha mauzo yamezidi. Juma mzoefu atauliza swali moja: "Mzigo wa mwisho uliuingiza kwa boksi au kwa stripu?" Mteja alipokea boksi 20, kila boksi stripu 10. Akaandika 20, lakini kipimo kilichokuwa kimechaguliwa ni stripu. Tuseme kabla ya mzigo stoo ilikuwa sifuri. Ameuza stripu 35. Programu inatoa 35 kwenye 20, inapata hasi 15. Ukweli ni stripu 200 kutoa 35, zibaki 165. Tiba ni kusahihisha yale mapokezi. Ukimwambia aongeze stoo kwa mkono, leo itaonekana sawa, ila bei ya kununulia itabaki imeharibika, kwa sababu programu inaamini stripu moja ilinunuliwa kwa bei ya boksi zima, na faida ya mwezi itaonyesha hasara.

Huyo mama ameuza dawa, atalielewa hili haraka kuliko Juma alivyolielewa. Lakini lazima amsikie mtu akiuliza lile swali.

Mchana wa wiki hiyo mpe nakala ya programu yenye duka la mfano, mlivuruge wenyewe kwa makosa ya aina hii, alinyooshe. Moja kwa siku linatosha. Wiki ya pili mnageuza: yeye anapokea, Juma ndiye anasikiliza kimya, na wana kundi lao wawili la ujumbe ili Juma amnong'oneze bila mteja kusikia. Wiki ya tatu Juma anatoka kwenye simu, ila anabaki anapatikana saa zinazojulikana. Hiyo "saa zinazojulikana" iandikwe. Saa nne mpaka saa tano na nusu, na saa tisa mpaka kumi, Juma hajibu kitu kingine kabla ya huyo mama.

Na ripoti ya jioni ya Mzee: ndiyo, lakini isiwe ya "nimefanya nini". Mistari mitatu: kilichonishinda leo, nilichobahatisha, na nitakachoanza nacho kesho. Huo mstari wa kubahatisha una faida kuliko picha zote za skrini.

---

Mzee_wa_Kazi

Mtu aandike mwenyewe kwamba amebahatisha? Hataandika.

---

Nahodha_Mtulivu

Mara ya kwanza hataandika. Juma akianza kuandika zake, ataandika.

---

Utumishi_Dom

Samahani kwa kuingilia, niko upande wa utumishi. Mmeongelea simu vizuri, mimi niulize: mkataba umeandikwa mahali pa kazi ni wapi?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, inataka mwajiriwa apewe maelezo ya ajira kwa maandishi anapoanza kazi, na humo ndani mahali alipoajiriwa na mahali pa kazi ni vitu vinavyotajwa. Watu huchukua mkataba wa ofisini, wanabadilisha jina, kituo cha kazi kinabaki Dar es Salaam. Halafu mwezi wa pili anaitwa Dar kuonana na wenzake. Hiyo ni safari ya kikazi mnayoilipia, au anaripoti kituoni kwa nauli yake? Na kifungu cha 43 kinahusu kumsafirisha mtu kurudi alikoajiriwa mkataba ukiisha, kwa hiyo jina la mahali lina pesa ndani yake. Andikeni Mwanza, kisha semeni wazi safari za Dar analipia nani.

Saa nazo ziandikwe. Mtu akiwa kwake wateja humpigia saa tatu usiku, naye atapokea, kwa sababu ni mgeni na anataka kuonekana. Kisheria saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku.

---

MamaStoo

Umeandikwa Dar es Salaam 🙈 Nitaubadilisha kesho kabla hajausaini.

---

Bando_Limeisha

Na hizo simu za kusikiliza saa mbili kila siku bando analipa nani? Simu ya picha inaweza kula nusu GB hadi zaidi ya GB moja kwa saa kutegemea ubora. Sauti tupu ni MB chache, haifiki 100. Huyo mzee wa kamera saa tisa kwa siku hebu apige hesabu.

---

Mzee_wa_Kazi

Nawapa bando. Sijasema wajilipie.

---

Bando_Limeisha

Sawa mzee, hapo umefunga bao.

MamaStoo, kusikiliza fanyeni sauti pekee, na skrini ya Juma mkihitaji kumwonyesha kitu. Kamera iwake dakika kumi za asubuhi watu waonane nyuso, basi. Na umeme ukikatika Mwanza mkubaliane mapema: atatuma SMS ya kawaida kwa nani, na wateja wake watahamia kwa nani. Bila makubaliano atakimbia mtaani kutafuta jenereta ili asionekane mzembe.

---

MamaStoo

Swali langu lingine ni la aibu kidogo. Juma ana miaka 24, huyo mama amepita 45. Juma anaona vigumu kumsahihisha. Jana kwenye simu ya majaribio alikosea mahali, Juma akasema "ni sawa mama, ni sawa tu". Haikuwa sawa.

---

Akinyi_wa_Ziwa

Mpe mwenyeji mwingine, wa rika lake.

---

Nahodha_Mtulivu

Simkatazi Akinyi, lakini mwenyeji lazima awe anayejua kazi, na anayejua kazi ni Juma. Pia mwenyeji asiwe bosi wake, maana bosi haulizwi maswali ya kijinga. Mimi ningemwacha Juma ila ningegeuza mizani: huyo mama naye awe na cha kumfundisha Juma. Anajua duka la dawa linavyofungwa jioni, nani hasa huingiza mzigo, kwa nini muuzaji huchagua stripu. Juma hajawahi kusimama nyuma ya kaunta. Nusu saa kwa wiki yeye ndiye mwalimu. Mtu anayekufundisha unaweza kumsahihisha bila kuonekana umemkosea heshima.

---

Akinyi_wa_Ziwa

Sijashawishika. Juma bado atasema "ni sawa mama". Afadhali masahihisho yawe kwa maandishi, hapo vijana huthubutu.

---

MamaStoo

Wakuu, nimerudi na mrejesho, sasa tuko wiki ya pili.

Milango tuliijaribu Ijumaa kabla hajaanza. Miwili iligoma, ikapona siku hiyohiyo, na Jumatatu aliingia kote bila kunitafuta. Yale makosa ya duka la mfano ameyamaliza yote, na akatuonyesha moja ambalo sisi hatukuliweka: tarehe za kuisha dawa tulizoandika hazingewezekana dukani. Alicheka sana.

Salamu na swali pamoja imeshika kwa wengine wote isipokuwa kwangu. Mimi bado ananiamkia kwanza na kusubiri. Nimeanza kujibu "Marahaba mama, leta habari yote" na imepungua kidogo.

Juma anamsahihisha kwa maandishi, Akinyi hapo ulipatia. Lakini kile kipindi cha kumfundisha Juma nacho kimemchangamsha, jana walizidisha muda mpaka nikawaambia wateja wanasubiri.

Kinachonisumbua ni ripoti ya jioni. Mstari wa "nilichobahatisha" kila siku anaandika "hakuna". Juma anaandika zake, hata mimi nimeandika. Na maswali kwenye kundi yamepungua tangu juzi.

---

Nahodha_Mtulivu

Usimuulize kama kuna shida. Chukua simu tatu alizopokea juzi, ukae naye mzipitie, umuulize tu kila moja ilianzia wapi na kwa nini alikwenda alikokwenda. Ukikuta anaeleza vizuri, basi amejua kazi na maswali yamepungua kwa haki. Yeye si kijana wa Arusha, ana miaka ya kaunta.

---

Mzee_wa_Kazi

Au awashe kamera.

---

MamaStoo

😂 Nimepanga naye kesho saa nne. Nitachagua zile simu zilizochukua muda mrefu.